Pea saba zimebaki na tangazo bado linakula hela: lizimwe lini?

"Nina duka la viatu vya kike hapa Majengo, Dodoma. Nasponsa Facebook na Instagram, mteja akibonyeza anaingia WhatsApp yangu. Mwezi uliopita flati nyeusi ziliisha Ijumaa, tangazo likaendelea mpaka Jumatatu, kazi yangu ikawa kujibu 'imeisha dada'. Kulizima naogopa, maana naambiwa likizimwa linapoteza nguvu. Nizime, nipunguze hela au niliache? Na nitajuaje mapema?"

Dada yangu, lizime, tena ulizime kabla pea ya mwisho haijatoka dukani. Nianze na hiyo hofu ya kupoteza nguvu, kwa sababu ndiyo inayowafanya wafanyabiashara wengi waendelee kulipia watu wanaokuja kuambiwa hakuna.

Tangazo jipya likianza, mfumo wa Facebook hutumia siku za mwanzo kujaribu nani ana tabia ya kubonyeza na kuandika ujumbe. Kipindi hicho kwenye Ads Manager, ule ukurasa wa Facebook wa kusimamia matangazo, unakiona kimeandikwa `Learning`. Kinaisha pale kundi lako la matangazo, lile linaloitwa `Ad set`, linapopata matokeo kama 50 ndani ya siku 7. Kwako tokeo moja ni mazungumzo moja yaliyoanzishwa WhatsApp. Kinachokurudisha mwanzo ni kubadilisha picha au maneno ya tangazo, kubadilisha watu unaowalenga, kuongeza tangazo jipya ndani ya `Ad set` hiyo, au kuisimamisha kwa siku 7 au zaidi. Ukizima siku mbili, tatu au nne na kuwasha tena bila kugusa kitu kingine, hurudi darasa la kwanza. Siku ya kwanza baada ya kuwasha inaweza kuwa nzito kidogo. Usiihukumu, angalia siku ya tatu.

Kinacholiua tangazo ni pale mtu anapolifuta na kutengeneza lingine mzigo ukifika, au anapoingia kuhariri picha aandike "IMEISHA" kwa rangi nyekundu. Picha ikibadilishwa, tangazo linarudi kukaguliwa, kazi ambayo kwa kawaida huchukua hadi saa 24, na kipindi cha kujifunza kinaanza upya. Ukitengeneza jipya kabisa, maoni na alama za kupenda zilizokusanyika kwenye lile la zamani hazikufuati. Kitufe cha kuzima hakifanyi lolote kati ya hayo.

Na kama bajeti yako ni ndogo, tuseme unapata mazungumzo 5 kwa siku, hayo ni 35 kwa wiki. Hujawahi kutoka kwenye kipindi cha kujifunza hata siku moja, kwa hiyo hiyo nguvu unayoogopa kuipoteza hukuwa nayo.

Sasa tuje kwenye swali zito zaidi, la kujua mapema. Kosa kubwa kwenye viatu ni kuhesabu pea. Rafu inaonyesha pea 7, moyo unatulia, tangazo linaendelea. Lakini mteja hanunui pea, ananunua saizi yake. Nitachukua mfano wa duka linalofanana na lako, wewe uweke namba zako mahali pake.

Mzigo umeingia na pea 24 za flati nyeusi: saizi 37 pea 3, saizi 38 pea 5, 39 pea 6, 40 pea 5, 41 pea 3, na 42 pea 2. Bajeti ni shilingi 15,000 kwa siku, nayo inaleta mazungumzo 15, yaani kila anayeingia WhatsApp amekugharimu 1,000. Saizi zote zikiwepo, katika kila watu watano mmoja ananunua. Kwa hiyo unauza pea 3 kwa siku, na kila pea imebeba shilingi 5,000 za tangazo. Kiatu kinauzwa 38,000. Kukinunua Kariakoo pamoja na kukisafirisha mpaka Dodoma kumekula 23,000, hivyo kabla ya kulipia tangazo kina faida ya 15,000. Toa 5,000 ya tangazo, unabaki na 10,000. Biashara iko vizuri.

Chukua kalamu upitie mazungumzo yako 60 ya mwisho na uandike kila aliyeuliza alitaka saizi gani. Ni kazi ya nusu saa, na bila hiyo mengine yote niliyoandika hapa hayana msingi. Tuseme umekuta kwamba katika kila watu 20, wawili wanataka 37, wanne 38, sita 39, watano 40, wawili 41 na mmoja 42.

Angalia kinachotokea mzigo unapokatika saizi. Zikiisha 39, watu 6 kati ya 20 wanaoingia WhatsApp huna cha kuwauzia. Waliobaki 14 wananunua kwa kasi ileile, ila hela ya tangazo umewalipia wote 20. Gharama ya tangazo kwa pea inapanda kutoka 5,000 hadi kama 7,100. Zikiisha na 40, unawahudumia watu 9 tu kati ya 20, na gharama inafika kama 11,100. Bado una faida, ila imebaki chini ya 4,000. Zikiisha na 38, umebakiwa na 37, 41 na 42. Hapo ndipo rafu inapokuonyesha zile pea 7: mbili za 37, tatu za 41, mbili za 42. Unahudumia watu 5 kati ya 20, na kila pea inayotoka imebeba shilingi 20,000 za tangazo wakati faida yake ni 15,000. Kila unapouza unapoteza 5,000, na watu 15 katika kila 20 umewalipia ili uwaambie hakuna. Ukitaka kuzimaliza pea hizo 7 kwa tangazo, utatumia 140,000 kupata faida ya 105,000.

Mstari wa hasara unaupata kwa kugawanya: gharama ya tangazo kwa pea saizi zikiwa kamili, gawanya kwa faida ya pea. Hapa ni 5,000 kwa 15,000, yaani theluthi. Saizi zilizobaki zikihudumia chini ya theluthi ya wanaouliza, tangazo linakula mtaji. Ushauri wangu ni usisubiri theluthi, simama kwenye nusu. Kati ya nusu na theluthi unapata vijisenti huku simu yako ikijaa watu waliokasirika, na mtu wa Mtumba au wa UDOM aliyeambiwa "imeisha" leo hatakuwa na haraka ya kubonyeza tangazo lako la mwezi ujao. Zile pea saba zitoe kwa njia isiyolipiwa: weka kwenye status ya WhatsApp, uandike saizi waziwazi, "zimebaki 37, 41 na 42 tu". Mwenye mguu wa 42 anahangaika kutafuta kiatu mji mzima, atakuja mwenyewe.

Kama bidhaa haina saizi, mfano mkoba au chupa ya chai, hesabu ni fupi zaidi. Rangi ndiyo inayochukua nafasi ya saizi, na mara nyingi rangi moja, nyeusi, ndiyo inayobeba nusu ya maswali.

Kuna jambo la pili linalodanganya, nalo ni pea zilizopo rafuni ambazo tayari zina wenyewe. Dodoma wateja wako wengi ni watumishi. Anauliza tarehe 18, anasema "niwekee, mshahara ukitoka nakuja". Ile pea iko dukani lakini si ya kuuzwa. Kwenye WhatsApp Business zipo lebo, na moja imeandikwa `Pending payment`. Kila anayesema niwekee mpe lebo hiyo, na andika saizi yake kwenye daftari siku hiyohiyo. Kila jioni ukifunga duka, hesabu pea za rafuni kwa saizi, toa zenye wenyewe, zinazobaki ndizo pea huru. Ni pea huru tu zinazoamua kuhusu tangazo. Na hao wa niwekee wape kikomo. Siku tatu zinatosha kwa asiyeacha hela. Aliyetanguliza 10,000 msubirie mpaka mshahara.

Sasa tafuta namba mbili za kubandika kwenye ukuta karibu na rafu. Unauza pea 3 kwa siku, na saizi 39 na 40 peke yake zinabeba watu 11 kati ya 20. Maana yake kila siku saizi hizo mbili zinaondoka pea 1 na nusu na ushee. Tuseme kutuma hela Kariakoo, muuzaji akusanye, mzigo upakiwe basi la usiku na wewe uupokee stendi, vyote vinachukua siku 3. Siku 3 kwa pea 1.65 ni kama pea 5. Kwa hiyo namba ya kwanza ni 5: pea huru za 39 na 40 zikifika tano kwa jumla, agiza. Namba ya pili ni 2, yaani mauzo ya siku moja ya saizi hizo: zikifika mbili, zima tangazo.

Kwa nini uzime zikiwa bado mbili? Kwa sababu wateja hawakatiki saa uliyozima. Kuna aliyeliona tangazo jana akapiga picha ya skrini, kuna aliyetumiwa na shoga yake, kuna uliyemjibu asubuhi ambaye atakujibu baada ya kazi. Hao ndio watakaozichukua hizo mbili, bila wewe kulipa zaidi.

Tuone jioni moja. Ni Alhamisi, saa mbili usiku. Rafuni una 39 pea 3 na 40 pea 2. Ukitazama haraka ni pea tano, unasema mpaka Jumamosi nipo. Daftari linasema wawili wamewekewa 39 na mmoja amewekewa 40. Pea huru ni 39 moja na 40 moja. Tangazo linazimwa Alhamisi hiyo usiku, na Ijumaa yako inakuwa ya kuuza hizo mbili badala ya kuomba radhi. Ukilinganisha na yaliyokupata, siku tatu za tangazo lisilo na mzigo ni 45,000, sawa na faida ya pea tatu nzima kabla ya tangazo.

Nafuu ipo moja tu: kama zimefika mbili lakini mzigo umeshapakiwa, una namba ya basi na risiti ya mizigo mkononi, na unafika kesho asubuhi, liache liendelee. Kama muuzaji wa Kariakoo anasema "kesho natuma", hiyo si risiti. Zima.

Pa kuzimia pana mtego. Ads Manager ina ngazi tatu: `Campaign` juu, `Ad set` katikati, `Ad` chini, na kila ngazi ina swichi yake. Kama flati nyeusi ina `Ad set` yake peke yake, na bajeti imewekwa hapohapo kwenye `Ad set`, zima hiyo na hela inasimama. Kama flati na viatu vya visigino viko ndani ya `Ad set` moja kama matangazo mawili, zima `Ad` ya flati tu. Hapo hela haipungui, inahamia yote kwenye visigino. Vivyo hivyo kama bajeti imewekwa ngazi ya `Campaign` na una `Ad set` mbili: ukizima moja, nyingine inapokea 15,000 yote wakati ilikuwa inapata labda 6,000. Visigino ulivyohesabu vitakaa siku kumi vinaisha kwa siku nne, na unajikuta na bidhaa mbili zilizoisha. Kwa hiyo ukizima bidhaa moja, punguza bajeti ya jumla ibaki ile ambayo bidhaa iliyobaki ilikuwa ikitumia, au uhakikishe mzigo wake unastahimili. Ili usijichanganye, mimi ningependa kila bidhaa inayoisha haraka iwe na `Ad set` yake na bajeti yake. Unaipunguzia mfumo uhuru kidogo, lakini unajua swichi ipi inazima kitu gani.

Kama hutumii Ads Manager na unabonyeza tu kitufe cha kukuza posti ndani ya Instagram, nako unaweza kusitisha na kuendeleza kutoka sehemu ileile ya kuangalia matangazo yako. Lisitishe, usilifute.

Uliuliza kuhusu kupunguza hela. Kupunguza kunafaa hali moja hasa: 39 zimeisha, ila 38 na 40 zipo za kutosha na mzigo mpya uko mbali kidogo. Bado unahudumia watu 14 kati ya 20, faida ipo, lakini hutaki zilizobaki ziondoke zote kesho. Shusha bajeti hadi nusu, mara moja, usiku baada ya siku kwisha, kisha usiiguse tena. Fahamu kwamba badiliko kubwa la bajeti linaweza kuirudisha `Ad set` kwenye kujifunza, na nusu ni badiliko kubwa. Ndiyo maana kwa pengo la siku mbili au tatu kuzima ni salama kuliko kushusha, ingawa watu wengi wanadhani ni kinyume.

Na usiitegemee bajeti ya siku kama kufuli. Mfumo huruhusu siku moja kutumia zaidi ya ulichoandika, halafu unafidia siku nyingine, mradi wiki kuanzia Jumapili hadi Jumamosi isizidi mara 7 ya bajeti ya siku. Kwa 15,000 kikomo cha wiki ni 105,000, lakini siku moja peke yake, pengine Jumamosi watu wakiwa nyumbani na simu, inaweza kuzidi 15,000 kwa kiasi cha kukushtua. Pea ulizopigia hesabu ya siku mbili zinaondoka kwa siku moja.

Wikiendi ndiko ulikoumia, kwa hiyo weka mlinzi. Ads Manager ina sehemu ya `Rules`. Ukitengeneza kanuni mpya, chagua `Ad set` ya flati, kitendo kiwe `Turn off`, na sharti liwe idadi ya `Results` kuzidi namba utakayoandika, muda uwe wa tangu tangazo kuanza. Namba inapatikana hivi: angalia matokeo yaliyopo sasa hivi, tuseme 180. Ijumaa jioni una pea huru 9 za saizi mchanganyiko. Kwa mnunuzi mmoja kati ya watano, pea 9 ni mazungumzo 45. Usiandike 45, kwa sababu saizi zitaanza kukatika kabla ya hapo. Chukua 30. Sharti linakuwa `Results` zaidi ya 210, na kanuni ikague mfululizo. Mfumo hukagua kama kila nusu saa na namba huchelewa kidogo kuingia, kwa hiyo tegemea kupitiliza kwa watu wachache. Jumatatu ukiwasha tena kumbuka kupandisha namba hiyo au kuizima kanuni. Usipofanya hivyo, tangazo litazimika kila unapoliwasha na utadhani akaunti imefungiwa.

Kanuni hiyo haijui mzigo wako. Inajua watu waliokuandikia tu. Ukiuza pea nne dukani kwa wapita njia wa Jumamosi, yenyewe haina habari, kwa hiyo anayebaki dukani lazima ajue namba mbili za ukutani na awe na ruhusa ya kuzima. Mpe nafasi kwenye akaunti ya matangazo kwa jina lake mwenyewe, usimpe nywila yako.

Wapo wanaosema suluhisho ni katalogi, ile orodha ya bidhaa zako unayoiweka mtandaoni, kwamba ukiandika bidhaa imeisha tangazo linajizima lenyewe. Ni kweli kwa aina moja tu ya matangazo, yale yanayochota picha na bei moja kwa moja kutoka kwenye katalogi ya Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp. Hayo hayaonyeshi kitu kilichowekwa `out of stock`. Tangazo lako wewe ni picha uliyopiga na kuipakia. Halijui chochote kuhusu katalogi, na hata ukificha flati kwenye katalogi ya WhatsApp litaendelea kuonyeshwa na kulipiwa. Siku ukiwa na bidhaa thelathini au zaidi, katalogi inayolishwa na Google Sheets itakufaa. Kila saizi iwe na mstari wake, na safu ya `availability` ijijaze yenyewe kwa fomula:

```
=IF(C2-D2<=1,"out of stock","in stock")
```

Hapo `C2` ni pea zilizopo na `D2` ni zenye wenyewe. Nimeweka 1 badala ya 0 makusudi, kwa sababu Meta husoma karatasi yako kwa ratiba uliyoichagua, na ukichagua mara moja kwa siku, pea ya mwisho inaweza kuwa imeuzwa asubuhi na tangazo likaendelea kuionyesha mpaka usiku. Chagua isome kila saa.

Ukishazima, kama tangazo ulilitoa kwenye posti ya ukurasa wako, posti yenyewe bado iko pale na watu wanaiona. Usiihariri, maana ndiyo inayobeba tangazo. Andika maoni chini yake uyabandike juu: "Kwa sasa zimebaki 37, 41 na 42. Saizi nyingine zinakuja, tuandikie saizi yako." Kwenye WhatsApp tengeneza jibu la haraka, ulipe njia fupi kama `/saizi`, lisomeke hivi:

"Habari dada, karibu. Unavaa saizi ngapi? Flati nyeusi kwa sasa zipo 37, 41 na 42. Kama ni 38, 39 au 40, naandika jina lako na nakutafuta mzigo ukiingia, hulipi chochote sasa."

Swali la saizi litangulie neno la kuisha. Ukianza na "imeisha" mtu anaondoka na hujui hata alitaka nini. Ukianza na saizi, wachache wenye miguu ya 41 wananunua papo hapo, na waliobaki wanakupa orodha. Usitaje tarehe ya mzigo mpaka uwe umeupokea, na usichukue kianzio kwa kiatu ambacho bado kiko Kariakoo. Boksi linaweza kufika saizi zimechanganywa tofauti na ulivyoagiza, na kurudisha hela za watu kumi ni kazi nzito kuliko kusubiri.

Pengo likizidi siku 7, tuseme umeagiza Guangzhou na mzigo uko majini, kubali kwamba kujifunza kutaanza upya. Usiliache tangazo likipumua kwa bajeti kiduchu ya kila siku ili tu lisizeeke, hizo ni hela za kulipia "imeisha" taratibu. Kinachosaidia ni maandalizi ya mwanzoni: siku unapotengeneza `Ad set` ya flati nyeusi, weka ndani yake matangazo mawili, la nyeusi na la bidhaa nyingine inayovaliwa na mteja yuleyule, mfano flati za kahawia. Yote mawili yakaguliwe na kukubaliwa, kisha la pili ulizime. Nyeusi zikiisha, unazima moja na kuwasha jingine, na `Ad set` haisimami. Tangazo la pili ukiliongeza siku ile mzigo umeisha, utasubiri ukaguzi na utaanza kujifunza upya, hapohapo ambapo hukutaka.

Kuwasha nako kuna utaratibu wake. Mzigo ukifika, ufungue, uhesabu kwa saizi, kisha anza na wale wa orodha. Watumie ujumbe mmojammoja, kwa sababu ujumbe wa pamoja wa WhatsApp unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wape mpaka kesho yake jioni. Sema umepokea tena pea 24, na wa orodha wamechukua 39 nne na 40 tatu. Umebakiwa na 39 mbili na 40 mbili, pea nne za saizi zinazobeba duka, na ulishajiwekea kwamba zikifika tano unaagiza. Hapo tangazo haliwashwi kwanza. Agiza boksi la pili siku hiyohiyo, ukiomba muuzaji akuongezee 39 na 40 hata kama itabidi uzilipe kwa bei ya rejareja kidogo, na swichi uiwashe asubuhi ambayo risiti ya basi iko mkononi.